Ng'ombe Waliokuwa Wanasubiri Mtandao

Mimi kusubiri siwezi. Mama yangu, ambaye miaka yote ameuza nyanya kandokando ya barabara pale Ilula, anasema nilizaliwa kabla ya wiki zangu kutimia kwa sababu nilichoka kukaa tumboni. Kwa hiyo ule mwaka nilipopata kazi ya mkataba ya kuandikisha ng'ombe katika bonde la Usangu, nikapewa simu ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kusubiri, nilijua mmoja wetu atamshinda mwenzake.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa inanyemelea, na chanjo ilikuwa inakuja. Kila kaya ingeletewa dozi kulingana na idadi ya ng'ombe iliowaandikisha. Mimi nafika, nauliza, naandika kwenye simu, napiga picha ya zizi, naondoka. Kitakachokuwa kimefika ofisini Mbeya hadi Jumamosi saa sita mchana ndicho kitakachohesabika. Kitakachobaki njiani, shauri yake.

Huko bondeni mtandao haukuwapo. Mafundi wa mradi walikuwa wamelifikiria hilo, na programu yao ilikuwa na vyumba vitatu. Cha kwanza kiliitwa Rasimu, ndimo unamoandikia. Ukishamaliza unabonyeza "Kamilisha", na fomu inahamia chumba cha pili, Zinazosubiri, ikiwa na alama ya saa ndogo pembeni. Inakaa humo hadi simu inuse mtandao, kisha inajituma yenyewe na kuhamia chumba cha tatu, Zimetumwa. Ikishindwa inapumzika kidogo, inajaribu tena. Ikishindwa tena inapumzika zaidi. Kwenye mafunzo tuliambiwa tusiisumbue. "Ninyi andikeni," alisema msimamizi wetu, "mambo ya kutuma iachieni simu."

Nilifikia kwa mzee mmoja wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia Usangu na ng'ombe wao miaka mingi kabla sijazaliwa. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye baiskeli nzito na mbwa wanne. Nilipomwambia kwamba mimi ni Mhehe wa Iringa, aliwaita wale mbwa mmoja mmoja kwa majina, akawafungia nyuma ya nyumba.

"Mgeni wetu ametoka mbali," alimwambia mkewe. "Anaweza kuwa na njaa."

Mkewe, mama mnene mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni, alicheka hadi akaketi. Utani kwamba Wahehe tunakula mbwa nimeuzoea; nikajua hapa nitakaa vizuri.

Kesho yake asubuhi, Jumatatu, nikatoa simu, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, babu. Una ng'ombe wangapi?"

Akaniangalia kama mtu niliyemwuliza rangi ya nguo zake za ndani. Akasema ng'ombe wapo. Nikasema naona wapo, ni wangapi? Akasema wanatosha. Nikauliza wanatosha wangapi? Akasema anamjua mweusi mwenye paji jeupe, anamjua yule mwekundu aliyevunjika pembe, anamjua binti wa yule mwekundu, na kama mmoja hakurudi jioni atajua ni nani hata kabla hajafika zizini. Lakini idadi haitaji. Baba yake hakuitaja. Ng'ombe ukiwataja kwa idadi unawafungulia mlango, wanaanza kupungua.

"Babu, ni kwa ajili ya chanjo."

"Kila anayekuja kuhesabu anasema ni chanjo," akajibu.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika nasema haraka. Nikamwambia kwamba simu yangu haina mlango, na kwamba Mbeya hakuna mtu mwenye shida na ng'ombe wake. Akanisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza katika kazi ile.

"Ukiandika hapo, inaenda wapi?"

Nikamwonyesha vile vyumba vitatu. Nikamweleza kwamba itakaa hapo kwenye saa ndogo, na haitaondoka mpaka simu ipate mtandao.

"Na mtandao uko wapi?"

"Kule kwenye kifusi, karibu na barabara."

Kifusi kile kila mtu alikijua. Waliotengeneza barabara waliacha rundo kubwa la changarawe, nalo ndilo lililokuwa sehemu ya juu kuliko zote katika upande ule wa bonde. Watu walipanda juu yake kupiga simu. Kwa pikipiki yangu ya mradi ilikuwa safari ya saa mbili za kurushwarushwa.

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo hapa hapa, bado ni ya kwangu."

"Bado ni ya kwako."

"Andika arobaini."

Nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu, na ng'ombe walikuwa wanatoka zizini kwenda malishoni. Walitoka, wakatoka, wakaendelea kutoka. Hao hawakuwa arobaini hata kwa mtu anayesinzia. Lakini niliandika arobaini, na wakati yeye anafunga mlango wa zizi nikapiga picha moja pana, kundi zima, kuanzia pembe ya kwanza hadi mkia wa mwisho.

Jioni ile alinifuata nilipokuwa nakula. "Bado wapo?"

Nikafungua. "Wapo. Wanasubiri."

Akaenda kulala ameridhika. Lakini naona aliota vibaya, maana Jumanne alikuja akasema arobaini ni wengi mno. Fomu iliyokamilishwa haibadilishwi, inafutwa na kuandikwa upya. Nikafuta, nikaandika thelathini. Jumatano akasema thelathini nao wana kelele. Nikafuta, nikaandika ishirini, na safari hii alinipeleka mwenyewe kwenye banda la ndama, nipige picha inayofanana na idadi. Nikapiga. Ndama walitoka vizuri sana, mmoja amelamba kamera.

Sasa niseme kosa langu, maana nimekwisha kusema la kwake. Chini kabisa ya fomu kulikuwa na nafasi iliyoandikwa "Picha ya ziada". Si lazima kuijaza. Mimi niliijaza. Kila nilipoiandika fomu yake, niliiweka humo ile picha ya Jumatatu, kundi zima, na mzee sikumwambia. Nilijiambia ni kwa faida yake. Ukweli ni kwamba alikuwa amenichezesha siku tatu, na nilitaka kushinda. Kila jioni aliniuliza kama wapo, nami nikamjibu wapo, ishirini wamelala, huku moyoni nacheka.

Mkewe alinikamata. Alikuwa ameketi nyuma yangu anachambua maharage nilipoiweka kwa mara ya tatu.

"Hiyo picha ni kubwa kuliko ishirini," akasema.

"Ni ya ziada, mama."

Akaendelea kuchambua maharage. "Mimi sijasoma," akasema, na kicheko chake kikaanza taratibu kutoka tumboni.

Jumamosi niliondoka alfajiri. Nilipitia kaya mbili zilizobaki, nikafika kifusini saa nne asubuhi. Nikapanda, nikaona alama mbili za mtandao, nikaitia simu mfukoni kama nilivyofundishwa, nikakaa kula karanga. Niliiachia simu kazi yake.

Kumbe simu ilikuwa haifanyi kazi yoyote. Huko bondeni nilikuwa nachaji kwa kisola kidogo kama daftari, kwa hiyo nilikuwa nimeiweka katika hali ya kuokoa chaji. Katika hali hiyo programu iliyofungwa inanyimwa ruhusa ya kuamka yenyewe. Mtandao ulikuwapo, fomu zilikuwapo, na kati yao kulikuwa na usingizi. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa najua karanga tu.

Saa nne na nusu nikaona baiskeli. Ilikuwa inakuja kwa njia ya ng'ombe, ile isiyozunguka mabwawa, na aliyekuwa juu yake alikuwa amelowa matope hadi kiunoni. Mzee. Aliitupa baiskeli chini ya kifusi, akapanda kwa mikono na miguu.

"Wameshaondoka?"

"Babu, kuna nini?"

"Yule mwekundu ameanza kukohoa. Umeondoka tu, ameanza. Ameinua shingo, anavuta hewa namna hii." Akanionyesha, viwiko nje, mdomo wazi, na sikupenda nilichokiona. "Na kwa jirani tunayenywesha naye, wawili. Hiyo chanjo ni ya kweli?"

"Nilikuambia ni ya kweli."

"Dozi zitakuja ngapi kwangu?"

"Ishirini."

Alifumba macho. "Nionyeshe kama wapo bado."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao nikiukumbuka hadi leo nauma meno. Ningezima mawasiliano kwanza, niiweke simu katika hali ya ndege, kisha ningefungua, ningefuta ishirini na kuandika upya kwa raha zetu. Badala yake niliitoa mfukoni, nikaifungua programu ili nimwonyeshe. Kufungua ndiko kulikoiamsha. Tukiwa tumeinamisha vichwa pamoja juu ya kioo, ile saa ndogo ikageuka mshale, na ishirini wa mzee, mbele ya macho yake mwenyewe, wakahama kutoka Zinazosubiri kwenda Zimetumwa.

"Wanaenda wapi?" akauliza.

"Mbeya."

"Warudishe!"

Hawarudishwi. Maneno na tarakimu ni vyepesi, vinapita hata kwenye mtandao mwembamba, na vikishapita vimepita. Picha ndizo nzito; zinafuata nyuma moja moja. Ndama wakaondoka wa pili, polepole, wakafika. Nikampigia msimamizi.

"Nimeiona," akasema. "Ishirini, na picha ya ndama. Sawasawa kabisa. Hongera."

"Si sawasawa, bosi. Ni wengi zaidi. Na kuna ambao wanakohoa."

Akauliza wanakohoaje, nikamweleza, akaagiza yule mwekundu atengwe na mifugo ya jirani isikutane na ya mzee majini, akasema atawatuma wataalamu Jumatatu. Lakini kuhusu idadi alikuwa mgumu. Wiki nzima watu walikuwa wakimpigia simu kuongeza na kupunguza. "Ng'ombe wa maneno siwataki tena. Nione kwa macho yangu kabla ya saa sita, nitarekebisha. Baada ya hapo orodha inaenda kwa wenye chanjo, na ikienda imeenda."

Nikakata. Mzee alikuwa ameketi kwenye changarawe, kofia mkononi. Alikuwa tayari, nadhani, kufanya jambo ambalo baba yake hakulifanya. Midomo ilikuwa inacheza. Alikuwa anajaribu kuitaja ile idadi, na haikutoka. Nilimwonea huruma hadi nikasahau kwamba nilikuwa na hasira naye.

"Babu," nikasema, "usiseme. Kuna picha."

"Ya ndama."

"Ya wote. Niliipiga Jumatatu ulipokuwa unafunga mlango. Nimeiweka kwenye fomu yako. Zote tatu."

Akanigeukia. "Kwa hiyo siku zote nikikuuliza, ulikuwa unaniibia."

"Ndiyo, babu."

"Na hiyo picha imekwenda?"

"Haijaenda. Ni nzito. Bado inasubiri."

Akavaa kofia. "Basi wewe mwizi gani mvivu hivyo? Iba haraka!"

Tukaanza. Mstari wa bluu unaoonyesha picha inavyokwenda ulitambaa hadi nusu, mtandao ukakatika, mstari ukarudi sifuri. Programu ile haikuwa na akili ya kuendelea ilipoishia. Picha ikikatika inaanza upya. Ikapumzika nusu dakika, ikajaribu. Ikakatika. Ikapumzika dakika. Halafu dakika mbili. Mzee hakuelewa kwa nini kitu kinachoshindwa kinapewa mapumziko marefu zaidi, na mimi niliyefundishwa kwamba ni kwa ajili ya kulinda betri na kutoujaza mtandao, nilijikuta nakubaliana naye kabisa. Nikabonyeza "Jaribu sasa" bila kungoja. Nikaweka hali ya ndege na kuitoa, ili simu itafute mnara upya. Mstari ukafika robo tatu. Ukaganda.

Hapo simu ikaanza kulia. Kling. Kling. Kling kling kling.

Nilikuwa nimeweka humo makundi yangu ya ujumbe, jambo tulilokatazwa. Sasa mtandao umepatikana, na wiki nzima ya ukoo wangu ilikuwa inashuka kwa mpigo: harusi, mahafali, na shangazi yangu wa Iringa ambaye hutuma kila wimbo wa kwaya yao ya Kilutheri, kwa video, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Shangazi alikuwa anakula mtandao wa ng'ombe. Sikuwa na muda wa kutafuta mpangilio wa kuzuia video. Nikajitoa kwenye kundi la ukoo. Kikao kizima kiliitwa baadaye kunijadili, na hadi leo kuna baba mdogo anayenisalimia kwa mbali.

Kling zikakoma. Saa tano na nusu.

"Juu zaidi," akasema mzee.

"Hakuna juu zaidi, babu. Hapa ndipo kileleni."

Akashuka, akaikokota ile baiskeli yake nzito hadi juu ya kifusi, akaisimamisha, akaukumbatia usukani. "Panda keria."

Nikapanda. Nilisimama juu ya keria ya baiskeli na buti zangu za mpira, mkono mmoja kwenye kofia ya mzee, mwingine umeinua simu kuelekea upande wa mnara, shingo imepinda ili nikione kioo. Lori lilipita barabarani, likapiga honi ndefu. Alama ya tatu ya mtandao ikatokea. Mstari ukatambaa. Nusu. Mzee alikuwa ananong'ona kwa Kisukuma, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaitia ng'ombe wavuke maji, na sikumkatiza. Robo tatu. Pale pale ulipoganda mwanzo, ukasimama. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Nilimwomba Mungu waziwazi, nikamwahidi mambo ambayo sijayatimiza yote. Mstari ukaruka, ukafika mwisho, na saa ndogo ikapotea.

Zimetumwa.

Nilipiga kelele nikaanguka, baiskeli ikaanguka, mzee akaanguka, tukateleza na changarawe hadi katikati ya kifusi. Tulikuwa bado tumekaa hapo tunakung'uta vumbi simu ilipolia. Saa sita kasoro dakika nane. Kwa kiherehere nilibonyeza spika.

"Imefika!" msimamizi alikuwa anapaza sauti. "Picha safi sana hii, ulipiga kutoka juu, eh? Yaani tumewahesabu watu wawili, mara mbili mbili, na tumepata jumla ileile. Andika kwenye daftari lako, mzee ana ng'ombe—"

Nikamwona mzee. Uso ulikuwa umejikunja kama mtu anayesubiri kofi.

Nikakata simu.

Ikalia tena. Nikakata. Nikaandika ujumbe: *Bosi, nimeelewa, asante, idadi baki nayo wewe.* Akanijibu kwa alama tatu za kuuliza. Katika ripoti ya mwisho wa mkataba aliandika kwamba ninafanya kazi vizuri ila nina jeuri kwenye simu, na hilo sikulipinga.

"Zitatosha?" mzee akauliza.

"Zitatosha, babu. Kila mmoja na yake."

Akashusha pumzi ndefu hadi mabega yakashuka nayo. Kisha akaomba aione hiyo picha niliyomwibia. Nikaifungua, nikamwonyesha namna ya kuipanua kwa vidole viwili. Hakuwahesabu. Alienda akiwagusa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, akiwataja kwa rangi na kwa mama zao, yule mweusi wa paji jeupe, ndugu yake, yule mtundu asiyependa mvua, na uso wake ulikuwa umelainika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona zile siku zote tulizokuwa tunabishana. Nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa nimecheka.

Kidole kikafika kwa mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Jumatatu alikuwa mzima; alikuwa ameinua kichwa, anatutazama sisi. Kidole kikabaki hapo.

"Chanjo inamponya anayeumwa tayari?"

"Hapana, babu. Inawakinga wengine."

"Lakini yeye pia wamemhesabu."

"Wamemhesabu."

Hakukiondoa kidole. "Basi kuna dozi moja haina mwenyewe," akasema. "Usiwakumbushe Mbeya. Wasije wakaichukua dozi yake na yeye bado hajafa."